Vimfuko Vitatu vya Kliniki

Mwanangu, ukirudi kutoka kliniki ya wajawazito hapa Durban na vimfuko vitatu vya vidonge, usivimimine vyote ndani ya kopo moja. Najua kwa nini wengi wenu mnafanya hivyo. Kwetu mmezoea kidonge kimoja. Mjamzito wa Tanga au Kilifi hupewa kile tunachokiita fefo, ndani yake mna madini ya chuma na foliki asidi kwa pamoja, anakimeza mara moja kwa siku na shughuli imekwisha. Basi mkifika huku mkapewa vitatu, mnaona kama ni kitu kilekile kilichogawanywa, na mnavirudisha pamoja ili kurahisisha maisha. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu viwili kati ya hivyo vitatu haviwezi kukaa tumboni kwa wakati mmoja bila kimoja kumdhulumu mwenzake.

Kiswahili si kigeni katika mji huu. Kuna watu wa Chatsworth ambao hadi leo huitwa Wazanzibari, wengi wao asili yao Wamakua, ambao wazee wao waliokolewa kutoka majahazi ya watumwa wakaletwa Natal kuanzia mwaka 1873. Sasa mmekuja ninyi, kutoka Tanzania, Kongo, Burundi na Kenya, mnaishi Point, Albert Park na kwingineko. Lakini karatasi inayobandikwa kwenye kimfuko cha dawa haijui Kiswahili, na nesi mwenye foleni ndefu nje ya mlango atakueleza kwa Kizulu au Kiingereza kwa haraka. Kwa hiyo nataka ujifunze kusoma mwenyewe, na kusoma kwenyewe si kugumu.

Angalia herufi tatu za mwanzo za jina la dawa. Lile linaloanza na FER ni chuma. Linaloanza na FOL ni foliki asidi. Linaloanza na CAL ni kalsiamu. Usiende kwa rangi. Mwezi huu chuma kinaweza kuwa chekundu, mwezi ujao kikaja cha kahawia au kijani kwa kuwa serikali imenunua kwa mtengenezaji mwingine. Nimesikia wanawake wakiambiana "kile chekundu ndicho cha damu", na mmoja wao kile chekundu chake kilikuwa kitu kingine kabisa. Jina halibadiliki rangi.

Baada ya jina hufuata namba na herufi mg, yaani miligramu. Hapo kuna jambo linalowachanganya hata waliosoma. Kwenye kimfuko cha chuma utaona pengine 200 mg. Hizo si miligramu 200 za chuma. Ni uzito wa chumvi ya chuma nzima, na kidonge cha miligramu 200 cha salfeti kavu ya chuma kina takriban miligramu 65 za chuma chenyewe. Fefo ya Kenya ina miligramu 60. Kwa hiyo hawajakupa dozi mara tatu ya ile ya dada yako aliyebaki nyumbani; ni karibu sawasawa, ila wengine wameandika chumvi na wengine wameandika chuma. Mwanamke akiiona ile 200 akaogopa na kukikata kidonge nusu, anajipunja.

Kalsiamu nayo ina hesabu ya namna hiyo, kwani miligramu 500 za kaboneti ya kalsiamu zina miligramu 200 tu za kalsiamu. Mwongozo wa hapa Afrika Kusini unalenga takriban gramu moja ya kalsiamu kwa siku nzima, ikigawanywa. Ndiyo maana unaweza kuambiwa umeze vidonge viwili vya kalsiamu kwa mara moja na urudie tena baadaye, huku chuma ni kimoja tu. Idadi inategemea kidonge kilichopo dukani mwa kliniki mwezi huo, kwa hiyo fuata ilivyoandikwa kwenye kimfuko cha safari hii, usifuate cha safari iliyopita.

Sasa kazi zao. Chuma ni cha damu, hilo mnalijua. Mimba inapokua, mwili wa mama huongeza damu, na mtoto naye anajiwekea akiba ya chuma atakayoitumia miezi yake ya kwanza duniani. Chakula peke yake mara nyingi hakitoshi. Kalsiamu, wengi wenu mnadhani ni ya mifupa na meno ya mtoto, na kwa hiyo mnaona haina haraka. Hapa inatolewa kwa sababu nyingine: kupunguza hatari ya kifafa cha mimba, hasa kwa wanawake ambao chakula chao kina kalsiamu kidogo, wasiokunywa maziwa sana wala kula dagaa. Shinikizo la damu la ujauzito ni miongoni mwa mambo yanayoua akina mama wengi nchini humu. Kidonge hiki kinapunguza hatari, hakiifuti. Ukipata kichwa kikali kisichoisha, macho yakaona ukungu au vimulimuli, au maumivu chini ya mbavu upande wa juu wa tumbo, hapo hakuna kidonge cha kuongeza. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.

Tatizo ni kwamba kalsiamu na chuma vikikutana tumboni, kalsiamu huzuia chuma kisipite kuingia kwenye damu. Kidonge umekimeza, kimfuko kimepungua, lakini chuma kinatoka kama kilivyoingia. Mwongozo wa hapa unasema viachane angalau saa nne. Neno hili mara nyingi haliandikwi kwenye karatasi ya kimfuko, kwa sababu kila kimfuko kinajieleza chenyewe tu. Hakijui jirani yake ni nani.

Tuseme ni binti wa Tanga anayesuka nywele saluni kule karibu na ufukwe. Mimba ina wiki kumi na nne. Kliniki wamemtoboa kidole, damu imesoma 9.6. Kwa mjamzito, chini ya 11 ni upungufu, kwa hiyo nesi amemwongezea chuma kiwe viwili kwa siku, pamoja na foliki na kalsiamu. Binti anafika kwake, anamimina vyote katika kopo la plastiki, na kila asubuhi kabla ya kazi anachota anachotakiwa na kukimeza kwa kikombe cha chai ya maziwa. Hajaruka hata siku moja. Baada ya wiki nne anarudi, anatobolewa tena: 9.5.

Nesi asiye na nafasi ya kuuliza atamwandikia kwamba hamezi dawa. Binti ataumia moyo, maana anameza. Lakini tazama kilichotokea ndani ya kile kikombe. Kalsiamu ya vidonge ilikuwapo pamoja na chuma. Maziwa yakaongeza kalsiamu nyingine. Na majani ya chai yana ule ukakasi unaoshika chuma na kukizuia pia. Chuma chake kilikuwa na maadui watatu kila asubuhi, na hakuna aliyemwambia.

Dawa ya tatizo lake ni saa, wala haigharimu senti. Asubuhi anapokula mkate au uji, ameze kalsiamu, kwa kuwa kalsiamu ya namna hii inataka chakula tumboni ili iyeyuke. Awamu ya pili ya kalsiamu aimeze na chakula cha mchana, na kama ameandikiwa mara tatu, ya mwisho iwe saa kumi na moja jioni na kitu cha kutafuna. Chuma akiweke usiku saa tatu au nne, anapokwenda kulala, na maji, au na chungwa ikiwa analo, kwa sababu uchachu wa chungwa hukisaidia chuma kupita. Chai akae nayo mbali, angalau saa moja kabla ya chuma na saa moja baada yake. Foliki haina ugomvi na mtu, aimeze pamoja na chuma cha usiku ili asiisahau. Akifanya hivyo, baada ya wiki nne damu inapaswa kupanda kwa gramu moja au zaidi. Isipopanda ilhali saa zinafuatwa, basi pana sababu nyingine, labda minyoo, labda damu inayopotea mahali, labda ugonjwa wa kurithi wa damu, na hapo daktari ndiye wa kutafuta. Lakini aanze kutafuta baada ya saa kunyooshwa, siyo kabla.

Kuna wanaoniambia chuma cha usiku kinawachafua tumbo. Wakimeze na chakula kidogo cha jioni. Kitaingia pungufu kiasi, lakini kilichomezwa na chakula kinashinda kilichotupwa chooni. Choo kuwa cheusi ni rangi ya chuma tu, usiache dawa kwa sababu hiyo. Kikiwa cheusi, laini na cha kunata kama lami, chenye harufu mbaya isiyo ya kawaida, hilo mwambie nesi, maana linaweza kuwa damu. Choo kigumu ni kweli kipo, na maji mengi, mboga na papai vinasaidia zaidi ya kuruka siku.

Na ule udongo, mwanangu. Hapa Durban unauzwa sokoni Warwick waziwazi kama kwetu unavyouzwa pemba. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua, na udongo wenyewe hukishika chuma tumboni kisipite. Usione haya, mwambie nesi kwamba unautamani. Kwake hiyo ni habari inayomsaidia, na hamu hiyo mara nyingi huondoka chuma kikirudi.

Mwezi wa Ramadhani unaruhusiwa kutofunga ukiwa mjamzito, na mwenye upungufu wa damu namsihi aitumie ruhusa hiyo. Lakini nawajua, wapo watakaofunga. Basi kalsiamu iende na futari, chuma na foliki saa nne au tano usiku, na kalsiamu ya pili iende na daku. Saa nne zinapatikana.

Sasa kile kidonge kidogo cha foliki, ambacho wengi mnakidharau kwa udogo wake. Foliki asidi ina kazi mbili. Moja ni kusaidia damu kutengenezwa, na hiyo inaendelea mimba nzima. Nyingine ni kumlinda mtoto asizaliwe na mgongo wazi, au fuvu lisilofunga. Kazi hii ya pili ina muda mfupi mno. Ule mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Siku hizo mwanamke mara nyingi hajajua bado. Anasema tu hedhi imechelewa. Ukianza foliki wiki ya kumi na nne, endelea nayo kwa ajili ya damu, lakini mgongo ulishafunga zamani au ulishaacha kufunga. Ndiyo maana nasema na wewe ambaye hujabeba mimba bado na unaitarajia: foliki inaanza angalau mwezi mmoja kabla. Unaweza kuiomba kliniki ya uzazi wa mpango siku unayokwenda kutoa kijiti au kusimamisha sindano. Wachache wanaiomba.

Afrika Kusini waliliona hili, na tangu Oktoba 2003 unga wa mahindi na unga wa ngano unaouzwa nchini lazima utiwe foliki na virutubisho vingine. Baada ya hapo watoto wanaozaliwa na kasoro hizi walipungua kwa karibu theluthi. Mwanamke wa hapa anayekula papu na mkate kila siku ana kinga kidogo hata bila kujua. Lakini wewe unayekula wali, na dada yako wa Kongo anayesonga fufu ya muhogo iliyoletwa kutoka mbali, kinga hiyo inawapita. Kwenu kidonge kina uzito zaidi.

Soma sasa namba ya foliki. Hapa Durban kimfuko huandika 5 mg. Fefo ya Kenya ina 0.4 mg. Tofauti ni zaidi ya mara kumi na mbili. Ukiwa Durban haikudhuru. Mjini humu hakuna malaria, na kliniki hawakupi vidonge vya SP. Lakini wengi wenu hurudi kujifungulia nyumbani, kwa mama. Unafika Tanga au Kilifi au Bukavu na vimfuko vyako vya Durban, unaendelea kuvimeza kwa uaminifu, na kliniki ya huko inakupa SP ya kukinga malaria. SP inamuua mdudu wa malaria kwa kumnyima foliki. Ukiwa unameza foliki miligramu tano kila siku, SP inashindwa kufanya kazi yake ipasavyo. Shirika la Afya Duniani limeonya wazi kwamba dozi ya foliki ya miligramu tano au zaidi isitolewe pamoja na SP, na kwamba ile ya 0.4 inafaa. Basi siku ya kwanza ya kliniki ya nyumbani, mwoneshe mkunga kimfuko chenyewe cha Durban, akubadilishie uhamie kwenye fefo ya huko. Usimwambie tu "nina foliki". Yeye akisikia foliki anafikiri 0.4, ndiyo anayoijua. Ikiwa daktari alikuandikia tano kwa sababu maalumu, mathalani dawa za kifafa, mweleze hilo pia, waamue wenyewe namna ya kukukinga na malaria.

Kwa wanangu wanaotumia dawa za kufubaza virusi, na katika jimbo hili la KwaZulu-Natal mko wengi, nalisema bila kunong'ona. Wengi mnatumia TLD, kidonge kimoja kwa siku. Ndani yake mna dolutegravir, na chuma au kalsiamu vikimezwa nayo tumbo likiwa tupu, vinaipunguza nguvu. Njia nyepesi ni kuimeza TLD pamoja na chakula. Ukiwa umekula, inaweza kwenda na kalsiamu ya asubuhi bila shida, na chuma kikabaki usiku peke yake. Usiiache TLD ili kuipisha kalsiamu. Ikibidi kimoja kikose nafasi siku hiyo, TLD isikose kamwe.

Wapo watakaosema: Mama, mimi hata kliniki naogopa kwenda, sina karatasi. Sheria ya Taifa ya Afya ya mwaka 2003 inasema mjamzito na anayenyonyesha wahudumiwe bure katika vituo vya umma, isipokuwa wenye bima ya afya, na Aprili 2023 Mahakama Kuu ya Gauteng ilitamka kwamba hilo ni kwa wote bila kujali uraia wala karatasi. Najua kwamba mwaka 2025 watu walisimama kwenye milango ya baadhi ya kliniki na hospitali za mji huu wakawarudisha wageni, na najua hofu yenu si ya kubuni. Nenda na mwenzako, mtafuteni mtu anayejua Kizulu, na mkirudishwa mlango mmoja jaribuni mwingine au waoneni wanaohudumia wakimbizi pale Denis Hurley Centre. Vidonge vya kuazima kwa jirani havikutoboi kidole wala havikupimi presha.

Jambo la mwisho ni la watoto mlio nao tayari nyumbani. Chumba ni kimoja, kitanda kimoja, vimfuko viko chini ya mto, na vidonge vya chuma vingine vina sukari juu na rangi kama peremende. Kwa mtoto wa kilo kumi, vidonge vitatu tu vinatosha kuanza kumtia sumu, na vikikaribia kumi vinaweza kumuua. Viweke juu, mahali pasipofikika, ndani ya kopo lenye kifuniko kigumu, kila dawa kopo lake na karatasi yake. Mtoto akimeza, atatapika, kisha anaweza kutulia na kuonekana amepona kwa saa kadhaa, halafu hali ikageuka vibaya sana. Usidanganywe na utulivu huo. Mchukue mara moja umpeleke hospitali, na ushike kimfuko mkononi ili daktari asome jina na namba.